Mistari ya Pundamilia kwenye Shavu la Pasi

Ofisini wananiita Pilipili, na sijawahi kuuliza kwa nini. Najua kwa nini. Kazi yangu ni kukagua modeli za wenzangu kabla hazijaenda kwa mteja, na mkaguzi anayebembeleza watu ataishia kumbembeleza mteja aliyekasirika. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Hayo nilikuwa nayasema kila asubuhi nikifungua kompyuta yangu, tena nilikuwa nayaamini kabisa.

Sisi tunatengeneza picha za vitu ambavyo bado havipo. Kiwanda kikitaka kutangaza birika au feni, hakisubiri la kwanza litoke kwenye mashine ndipo kimwite mpiga picha. Kinatuletea vipimo. Tunakijenga kitu chenyewe ndani ya kompyuta, tunakipaka rangi, tunakiwashia taa za uongo, na picha inayotoka inabandikwa barabarani. Wewe unapita pale unasema, lo, birika zuri hilo. Hujui kwamba duniani hakuna birika hilo.

Safari hii ilikuwa pasi. Pasi ya mvuke, nyeusi, inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Na aliyepewa kuimalizia alikuwa shemeji yangu.

Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu. Kwa miaka ishirini alikuwa seremala, na seremala wa kweli, si hawa wanaokuuzia kitanda leo kesho mnalala sakafuni. Lakini vumbi la mbao likamkaa kifuani. Akawa anakohoa mpaka anashika ukuta. Daktari akamwambia achague kati ya karakana na mapafu, maana vyote viwili hawezi kuwa navyo. Basi mtu wa miaka arobaini na tatu akaenda kusoma kompyuta, darasa moja na watoto wa rika la binti yake, na akafuzu. Mimi ndiye niliyempelekea Bosi kazi zake. Bosi akazipenda, akampa miezi mitatu ya majaribio.

Pasi ndiyo ilikuwa mtihani wake wa mwisho. Ikipita Ijumaa mbele ya mteja, anaajiriwa. Isipopita, anaondoka, na kuondoka kwake kulikuwa na maana moja tu: kurudi kwenye vumbi, kwa sababu hakuna kazi nyingine aliyoijua. Hilo tulilijua wote, nyumbani na ofisini. Yeye mwenyewe hakulitaja hata siku moja.

Ofisini walimpachika jina la Randa, kwa ajili ya useremala wake. Alilipenda. Siku za mwanzo aliniambia kitu kilichonifurahisha sana. Nilikuwa namweleza kwamba hakuna kitu duniani chenye kona kali kama ukingo wa karatasi, kwamba hata meza hii ukiitazama vizuri ukingo wake una mviringo mdogo, na mviringo huo ndio unaodaka mwanga na kutoa ule uzi mweupe unaomwambia mtu kwamba hiki ni kitu, si mchoro. Kwa hiyo kila kona tunaivunja kidogo.

"Kwetu pia," akasema. "Kona usipoivunja kwa msasa, kwanza inamkata mtoto, pili rangi haishiki. Kabati lililovunjwa kona utalijua hata gizani, kwa mkono."

Nikajisemea, huyu ataweza.

Sasa, kuvunja kona ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulainisha. Unaanza na wavu wa miraba mikubwa, mibaya ya kutazama, kisha programu inaugawa kila mraba mara nne, halafu mara nne tena, na kila ikigawa inalainisha, mpaka wavu wako unakuwa mororo kama sabuni iliyotumika. Shida ni kwamba programu haina adabu. Inalainisha kila kitu, hata kona uliyotaka ibaki kona. Ili uizuie, unaweka mistari ya kushikilia karibu na ile kona. Mistari ikiwa karibu, kona inakaza. Ikiwa mbali, kona inalegea. Ila mistari hiyo haikai pale ulipoiweka. Inazunguka mwili mzima kama mkanda wa suruali, na ikipita mahali palipojikunja, papo hapo inapaharibu. Kazi yote ya fundi ni kujua mistari ipite wapi na ifie wapi.

Jumatatu Randa akaniletea pasi yake ya kwanza. Kwenye shavu la pasi, pale chini ya mkono wa kushikia, kuna tundu la duara la kuwekea kirungu cha mvuke, kile cha kuuongeza na kuupunguza. Nikaifungua, nikaizungusha mara moja tu.

"Shemeji," nikamwita, "njoo uone aibu."

Akaja, akifuta miwani kwa shati.

"Tazama hapa ukingoni. Mwanga umejikunyata kama kitambaa kilichovutwa uzi. Umekutanisha mistari sita kwenye nukta moja, tena mahali palipojikunja, tena mdomoni kabisa mwa tundu. Programu ikilainisha inabana hapo. Itabana tu."

"Niliona," akasema. "Nilitaka kuihamisha."

"Uliona, halafu ukaniletea hivyo hivyo?"

Wenzetu wanne waliokuwa chumbani wakajifanya wanatazama vioo vya kompyuta zao. Mimi nikaona nimefundisha.

Jumanne akarudi na kazi mpya, na hapa lazima niwe mkweli: ilikuwa nzuri. Alikuwa ameanza upya. Nukta za tundu sasa zilikuwa kumi na sita, zimepangwa zikutane na mistari ya mwili ilivyo, hakuna mstari uliolazimishwa. Kuzunguka tundu aliweka pete safi ya miraba, na pale ambapo mistari ilibidi ikutane mitano mitano, alipasukuma mbali na mdomo. Ukingo wenyewe aliuvunja kwa upana uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwanga ukawa unazunguka mdomo wa tundu bila kukatika.

Kisha nikawasha pundamilia.

Pundamilia ni kipimo chetu. Unaivua modeli rangi yake, unaivisha kioo, na mbele ya kioo hicho unaweka mistari myeupe na myeusi iakisike juu yake. Jicho linaweza kudanganywa na rangi, linaweza kudanganywa na taa, lakini mistari haidanganyi. Kama mwili umetulia, mistari inapita juu yake imetulia. Kama kuna bonde au kinundu, hata kile ambacho kidole kisingekihisi, mistari inacheza.

Na kwenye shavu la pasi ya Randa mistari ilikuwa inacheza. Kushoto kwa tundu ilijipinda, ikajinyoosha, ikajipinda tena. Mkunjo mdogo, lakini upo. Kwenye bango la urefu wa ghorofa mbili ungeonekana kama pasi imegongwa na pikipiki.

"Bado," nikasema. "Tundu lako linavuta shavu."

Akainama karibu na kioo. "Shemeji, huu mwili wenyewe..."

"Mwili usiguswe."

"Nasema tu kwamba..."

"Shemeji, mwili ulipita kwa mteja mwezi uliopita. Tundu ndilo lako. Rekebisha tundu."

Hapo inabidi nieleze utaratibu wetu. Mwili wa pasi, yaani lile umbo zima kabla ya matundu na vifungo, niliujenga mimi. Kiwanda kina pasi tatu zinazotumia mwili huo huo, kwa hiyo faili lake limefungwa. Kila mtu anajenga juu yake, hakuna anayeugusa. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe, na ni sheria nzuri. Bila hiyo kila mtu angekuwa na mwili wake na vipande vingekataa kuingiliana. Nilimkata Randa kauli kwa sheria nzuri. Nadhani ndiyo maana sikujisikia vibaya.

Jumatano akaleta mbili. Moja alipunguza mistari, nyingine aliongeza. Aliyoongeza ilikuwa mbaya zaidi, maana kila mstari wa nyongeza kwenye mkunjo ni ugomvi wa nyongeza. Mistari ya pundamilia ikawa inatetemeka kama maji kwenye ndoo iliyobebwa na mlevi. Nilikuwa sijanywa chai, na mteja alikuwa amepiga simu mara mbili.

"Kaka," nikasema, kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "hili si kabati. Hapa huwezi kuziba ufa kwa gundi na unga wa mbao."

Watu wakacheka. Randa naye akacheka. Kisha kicheko kikamgeukia kikohozi, akainuka akaenda kusimama kwenye korido mpaka kilipokwisha. Nilimsikia. Nikaendelea kuandika barua pepe.

Jioni ile mume wangu alikuwa anakatakata vitunguu, akaniuliza bila kuinua macho, "Kaka anaendeleaje?"

"Anahangaika na tundu."

"Nasikia unamsema mbele za watu."

"Nani kakwambia?"

"Si yeye. Yeye anasema unamfundisha vizuri." Akafagia vitunguu kwa kisu. "Mke wangu, ofisini mkubwa ni wewe, sikatai. Lakini usimvunjie heshima."

"Mimi simvunjii heshima, namfundisha kuvunja kona."

Hakucheka. Huwa anacheka kwa vitu vya kijinga kuliko hicho.

Alhamisi asubuhi nikaandika ripoti. Nilijikaza. Nilijiambia kwamba kama angekuwa mtu baki ningeandika nini, basi niandike hicho hicho, kwa sababu upendeleo ni ugonjwa na mimi sina. Nikaandika kwamba mhusika ana bidii na nidhamu, lakini baada ya majaribio manne ameshindwa kudhibiti uso uliojikunja, na sipendekezi aendelee. Nikampelekea Bosi.

Bosi ni mzee mpole anayekunywa maji ya moto siku nzima kana kwamba ni dawa. Akaisoma, akaisoma tena.

"Una hakika? Ni ndugu yako huyu."

"Ndiyo maana nina hakika."

"Haya. Nitaongea naye saa nane. Na pasi ya kesho?"

"Tundu nitalitoboa mwenyewe mchana huu. Ni kazi ya nusu saa."

Saa saba wote wakatoka kwenda kula. Randa naye alitoka. Aliniuliza kama aniletee chochote, nikamwambia hapana. Chumba kikabaki na mimi na feni ya darini. Nikachukua mwili wangu, nikatoboa tundu. Nilifanya kila kitu kama kinavyofundishwa: nukta kumi na sita, pete, makutano mbali, ukingo umevunjwa sawasawa. Nilipomaliza nilitazama wavu wangu nikaona kwamba unafanana na wavu wa Randa wa Jumanne kiasi kwamba usingejua upi wa nani. Hilo lilinikera kidogo. Nikawasha pundamilia.

Mistari ikacheza. Palepale, kushoto kwa tundu, mkunjo uleule.

Nikazima, nikawasha tena, kama mtu anayepiga redio kofi. Ikacheza. Nikasogeza nukta moja, nikaongeza umbali wa pete, nikapunguza. Ikacheza. Jasho likaanza kunitoka kwapani na feni inazunguka.

Basi nikafanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya Jumanne, kitu ambacho ningemgombeza mwanafunzi yeyote kwa kutokifanya. Nikalifuta tundu. Lote. Nikarudisha shavu lilivyokuwa, zima, halijaguswa na mtu. Nikatazama.

Hakuna tundu, na mistari bado inacheza.

Nikazima kulainisha, nikautazama mwili wangu ukiwa na wavu wake mtupu, na nikauona. Nyuma ya pasi, pale mkono unapoungana na mwili, nilihitaji kona ya kukaza, na mwezi uliopita nilikuwa nimeongeza mstari mmoja wa kuishikilia. Mmoja tu. Nikaukaza, kona ikakaa vizuri, nikafurahi nikaenda nyumbani. Sikuufuata mstari ule ulikoendelea. Ulizunguka mwili, ukakatiza shavu zima, ukajibana na mwenzake mahali ambapo mistari yote mingine ilikuwa imeachana sawasawa. Programu ilipolainisha, hapo shavu likawa bapa kidogo, kisha likapinda haraka kidogo. Kidogo cha kutoonekana. Mteja aliupitisha mwili ule kwenye pasi nyeupe isiyong'aa, na nyeupe isiyong'aa haimsemi mtu. Nyeusi inayong'aa inasema yote, na ilikuwa imesema tangu Jumanne, na mimi niliisikia ikimsema Randa.

Nyani haoni kundule. Nimewahi kuwaambia watu methali hiyo, nadhani mara mbili kwa wiki.

Kuurekebisha hakukuchukua hata dakika ishirini. Niliukata ule mstari kabla haujafika shavuni, nikaugeuza urudi chini ya mkono, ukafia pale palipo bapa kabisa. Mahali bapa mistari ikutane itakavyo, hakuna atakayejua. Mistari iliyobaki shavuni nikaipanga iachane sawa. Nikawasha pundamilia na mistari ikapita juu ya shavu imelala, bila wasiwasi, kutoka puani hadi kisogoni. Kisha nikaenda kwenye faili la Randa, lile la Jumanne, nikalichukua tundu lake, nikalipachika, nikazilaza nukta zake za pembeni juu ya mwili msafi. Mistari ikafika ukingoni mwa tundu, ikaendelea upande wa pili kana kwamba hakuna lililotokea. Ukingo ukadaka mwanga.

Kazi yake ilikuwa sawa tangu Jumanne. Sawa kabisa. Siku mbili nilizokuwa namwambia arekebishe, hakukuwa na cha kurekebisha upande wake.

Saa ilikuwa nane kasoro dakika saba. Watu wakaanza kurudi, vidole vina mafuta, wanacheka. Na mimi nitasema ukweli wangu wote, maana hadithi hii haina faida kama nitajipaka poda: nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria vizuri kabisa, kwa mpangilio. Mwili nimeshaurekebisha, nani angejua? Ningeenda kwa Bosi nikasema, tundu la Jumanne nimelitazama upya, nimelinyoosha kidogo, kumbe mtu wetu hakuwa mbaya, tumpe nafasi. Randa angebaki. Mimi ningekuwa shemeji mwema aliyemwokoa. Kila mtu angefurahi. Nilikuwa hata nimeshachagua maneno.

Kilichonizuia si wema. Kilichonizuia ni kwamba nilimwona Randa kupitia kioo cha mlango, anaelekea kwa Bosi, na alikuwa ameshachukua mfuko wake. Alikuwa ameweka ndani yake kikombe chake na lile daftari lake la michoro. Alijua anaitiwa nini, akaona afadhali asirudi mezani mbele yetu.

Nikakimbia. Mtu wa umbo langu akikimbia koridoni, watu hujibana ukutani.

Bosi alikuwa ndio kwanza anafungua ripoti. Randa amekaa, mfuko magotini, mgongo umenyooka.

"Bosi, subiri," nikasema, na pumzi ikanikatika. "Hiyo ripoti si ya kweli. Kosa ni langu. Liko kwenye mwili."

"Mwili upi?"

"Mwili wa pasi. Niliongeza mstari nyuma kwenye mkono, ukapita shavuni, sikuufuata. Nimelifuta tundu nikaona shavu tupu linacheza. Nimeurekebisha sasa hivi, nikapachika tundu lake la Jumanne kama lilivyo. Limekaa. Yeye alimaliza kazi Jumanne."

Bosi akaweka kikombe chini. Akaomba aone. Nikamfungulia kwenye kompyuta yake, mwili wa zamani, mwili mpya, pundamilia juu ya kila mmoja. Haikuhitaji maelezo, hata mhasibu angeona.

"Na hii ripoti?" akauliza.

"Futa jina lake, weka langu."

Akamgeukia Randa. "Wewe ulijua?"

"Nilijua," Randa akasema. "Jumatatu jioni, nilipolifuta tundu ili nianze upya, nilitazama shavu likiwa tupu. Lilikuwa linacheza."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Randa akatazama mfuko wake. Nikaona kwamba angeondoka na mfuko wake na kifua chake kibovu kabla ya kunisema mbele ya Bosi.

"Alisema," nikajibu mimi. "Jumanne alianza kusema. Nilimkata kauli. Akaanza tena, nikamkata tena. Jumatano sikumpa hata nafasi ya kuanza, nikamfanya kichekesho kwa watu." Nikamgeukia Randa. "Nisamehe, shemeji. Nimekosa, tena sana."

"Yamekwisha," akasema, kwa upole, kama mtu anavyosema kwenye msiba.

Ijumaa mteja akaja, mama mmoja mwenye viatu vya kelele na macho ya kukagua mchele. Chumba cha mikutano tukakitia giza kidogo, pasi ikaanza kujizungusha polepole kwenye kioo kikubwa. Mwanga ukaanzia puani, ukateleza shavuni, ukafika kwenye tundu la kirungu, ukazunguka mdomo wake, ukaendelea na safari. Kila kona iliubeba kidogo na kuuacha. Mama yule akainuka akasogea karibu, akanyoosha kidole mpaka karibu aguse kioo.

"Hii kona," akasema, "inanifanya nitake kuishika. Nani kaifanya?"

"Huyu," nikasema kabla Bosi hajafungua mdomo, na nikamwonyesha Randa. "Mwili tu ndio wangu, na huo nao karibu uniaibishe."

Mama akampa Randa mkono. Akapitisha picha zote tatu za tangazo bila kubadilisha hata moja, kitu ambacho sijawahi kukiona, akaondoka na viatu vyake.

Tukabaki watatu. Bosi akamwambia Randa kwamba majaribio yamekwisha, ameajiriwa, barua yake itakuwa tayari Jumatatu. Randa akavua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilifurahi mpaka nikasahau aibu yangu yote ya wiki nzima. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyompigia mume wangu simu.

"Nashukuru sana, Bosi," Randa akasema. "Nina ombi moja tu."

"Sema."

"Kazi zangu akague mtu mwingine."

Alilisema kwa sauti ileile anayosalimia nayo asubuhi. Bosi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Randa.

"Si kwa ubaya," akaendelea, sasa akiniangalia machoni. "Unajua kazi kuliko sote hapa, hilo nitalisema popote. Lakini nyumbani wewe ni shemeji yangu. Wanangu wanakuita mama mdogo. Jumatano nikiwa pale koridoni nilianza kukuchukia, na nilipofika nyumbani nikashindwa kuwaambia wanangu habari za ofisini, kwa sababu ungekuwemo. Sitaki ufike huko moyoni mwangu. Nataka ubaki shemeji."

Nilikuwa na majibu. Mimi huwa na majibu daima. Nilitaka kusema kwamba nimebadilika, kwamba nimejifunza, kwamba ataona. Niliyameza yote, maana niliona kwamba hata sasa, mtu ameniomba kitu kimoja, na mimi ninatafuta namna ya kumkata kauli.

Bosi akauliza kama nina la kusema.

"Mpe anachotaka," nikasema. "Ana haki."

Nikatoka nikaenda chooni, nikafungulia bomba ili nisisikike, nikalia kama dakika tano. Iliniuma, sitadanganya. Kisha nikanawa uso, nikarudi mezani. Kulikuwa na modeli ya feni ya mezani inanisubiri, kazi ya dada mmoja mgeni, na yeye alikuwa amesimama pembeni ya kiti changu na mikono nyuma, ananitazama uso kujua nimeamkaje.

"Kaa," nikamwambia. "Kabla sijasema chochote, nionyeshe wewe unaona nini."